Mwanamke wa ngazi amegoma kufika juu

Wiki ya tatu sasa natengeneza video kwa modeli ya AI, na mwanamke wangu mwenye skafu nyekundu bado hajafika juu ya ngazi. Sekunde 5 za kwanza anapanda vizuri. Nikitaka 10, ikifika ya sita anaanza kushuka kinyumenyume, au ghafla yuko tena chini kabisa.

Nililaumu maelezo yangu, nikayaandika upya weee, wapi. Modeli hizi hazichori fremu moja baada ya nyingine. Zinaanza na chenga tupu za klipu nzima, kisha zinazisafisha fremu zote kwa pamoja, hatua kwa hatua (natumia 50), maandishi yakielekeza. Ili skafu ibaki ileile mwanzo hadi mwisho, kila kipande cha video kinatazama vipande vingine vyote.

Hapo ndipo hesabu inapouma. Sekunde 5 kwa modeli yangu ni fremu 81. Zikibanwa zinakuwa tabaka 21, na kwa picha ya 832×480 kila tabaka lina vipande 1,560. Jumla 32,760, yaani jozi za kutazamana kama bilioni 1.07. Nikaweka hii:

```
num_frames=161
```

Tabaka 41, vipande 63,960, jozi bilioni 4.09. Urefu mara mbili, kutazamana karibu mara nne, na hayo yanarudiwa katika kila hatua. Kadi ya grafiki ilihema usiku kucha, asubuhi nikamkuta mama anashuka.

Kadi kubwa zaidi isingemwokoa. Modeli ilifunzwa kwa klipu fupi, kwa hiyo tabaka la 22 na kuendelea ni nafasi ambazo haijawahi kuziona. Ikikosa la kufanya, inarudia inachokijua.

Basi nikaunga: fremu ya mwisho ya klipu ya kwanza ikawa ya kwanza ya klipu ya pili. Kwenye kiungo anasimama kidogo, kisha anaanza upya, maana picha moja haisemi mguu ulikuwa unaenda wapi. Klipu ya nne skafu imekuwa ya machungwa na uso ni wa dada yake. Kila kiungo kinafungua picha na kuibana upya, na kasoro ndogo ya klipu hii inageuka kuwa ukweli wa klipu inayofuata. (Programu za kuburuta visanduku na nyaya zilinificha hili siku nyingi. Nimerudi kwenye skripti.)

Jana nikahamia modeli inayokubali kuendeleza video, nikaipa fremu 9 za mwisho badala ya moja. Mguu haukusita! Rangi bado inateleza, ila polepole.

Nilipanga leo nirekebishe rangi. Badala yake nimeanza kujaribu kukata: sekunde 4 za miguu, 3 za mkono kwenye reli, kisha mlango wa juu ukifunguka. Skafu haionekani kabisa kwenye ule mkono.