Nilivyoacha kucheza bathidei za wanangu kwenye lotari

Mi naendesha tuktuk hapa Malindi na kwa miaka kama mitatu nilikuwa nacheza lotari ile ya kuchagua namba sita kati ya 49, na namba zangu zilikuwa zilezile, bathidei za nyumbani: 3, 7, 11, 19, 22, 28. Siku moja zikatoka nne. Nilipaki pale Barani nikahesabu mara tatu. Rafiki yangu alikuwa ashawahi kupata nne akalipwa 2,900, mi nikaletewa 1,150, nikajua nimeibiwa.

Kumbe sikuibiwa. Zawadi ya lotari ile ni fungu, wanaligawana wote waliopata namba nne, na droo ile namba zote sita zilikuwa chini ya 31, yaani kila mtu na tarehe zake za kuzaliwa alikuwa mlemle na mimi.

Ikabidi nipige hesabu. Seti zote za namba sita kati ya 49 ni 13,983,816. Ukijifunga kwenye 1 mpaka 31 zinabaki 736,281, kama moja kwa kila 19, na sisi wa bathidei tunabanana humo humo. Sasa, nafasi ya kutoka ni ileile kwa kila seti, mashine haijui mwanao kazaliwa lini. Kinachobadilika ni mtakuwa wangapi mkitoka.

Afrika Kusini tarehe 1 Desemba 2020 zilitoka 5, 6, 7, 8, 9 na ya nyongeza 10. Watu wakapiga kelele ni wizi, lakini mpango ule watu wengi huuchagua, ndo maana washindi walikuwa 20 na jakpoti ya randi milioni 114 ikawa milioni 5.7 kila mmoja. Angekuwa peke yake angebeba zote!

Mama watoto akaniuliza, kwa hiyo za watoto ndo mbaya? Nikamwambia si mbaya mama, zina wenyewe wengi tu.

Siku hizi nabonyeza kwiki piki mashine inichagulie, ila siipokei kibubusa, kwa sababu mashine haikwepi namba za watu, siku nyingine inakutolea zote chini ya 31 vilevile. Nikiona hivyo, au zimefuatana, au zimepanga mstari mmoja kwenye karatasi, naitupa nabonyeza tena mpaka nione angalau tatu zimevuka 31. Hainiongezei nafasi ya kushinda hata chembe, na pesa inayorudi kwa wachezaji bado ni ndogo kuliko inayoingia, kwa hiyo sizidishi tiketi moja ya shilingi 100 kwa wiki.

Ya Jumamosi hii iko kwenye dashibodi: 8, 14, 33, 37, 41, 46. Mwanangu mdogo kaiangalia akauliza yake ya 19 iko wapi.