Siku tuliyoigawa tasnifu yangu pale Mwanga

Tasnifu yangu ilikua na kurasa zaidi ya mia mbili na ilihusu jambo ambalo mtu yeyote wa Kibirizi au Katonga analijua kwa macho, kwamba dagaa waliokaushwa juu ya kichanja hawana mchanga na wanapata bei, lakini akina mama wengi bado wanawamwaga chini. Nilifanya jaribio la kukausha, mzigo mmoja nusu mchangani nusu kichanjani, halafu nikahoji wachakataji wanawake 160 kwenye mialo, nikaongeza na vikundi vya majadiliano. Nikatetea, nikapita, nikarudi nyumbani Kigoma na kitabu chenye jalada gumu. Kazi iliyobaki ilikua kutoa pepa kwenye majarida.

Mpango wangu ulikua pepa nne, sura nne za matokeo kila sura pepa yake, na wenzangu kazini wakaniambia ndo hivyohivyo maana kwenye kupanda cheo wanahesabu pepa, hawahesabu kurasa. Supavaiza wangu alikua anakuja Kigoma kwenye kikao cha mambo ya ziwa, nikamuomba akimaliza apite nyumbani kwetu Mwanga aniangalizie. Akaja jioni, mama akampa chai, akasema, "Binti yangu, niletee majedwali na michoro tu, maneno yaache humo humo."

Nilikua nimeprinti kila jedwali na kila mchoro kwenye karatasi yake. Tukavitandaza kwenye mkeka sebuleni. Prof akasema tusahau kabisa kwamba kuna sura ya nne na ya tano na ya sita, sura tulizipanga ili mtahini aone umetimiza malengo uliyoandika kwenye pendekezo, msomaji wa jarida hana habari na malengo yako, yeye anakuja na swali moja anataka jibu lake. Kwahiyo kila karatasi nikawa naiokota, nasema kwa sentensi moja inajibu swali gani, na imetokana na data ipi, jaribio au mahojiano au vikundi. Zinazojibu swali moja zinakaa pamoja hata kama zilikua sura tofauti.

Kumi za mwanzo zilienda haraka. Muda wa kukauka, unyevu uliobaki, mchanga uliopatikana, hayo yote ni jaribio, swali lake ni moja: kichanja kinabadilisha nini kwenye dagaa wenyewe. Rundo la kwanza hilo.

Tukakwama kwenye jedwali la bei. Kwenye tasnifu nilikua nimeweka bei zote pamoja, sehemu moja ni bei ambazo wafanyabiashara walitaja baada ya kuonyeshwa dagaa wa jaribio letu bila kuambiwa wapi walikaushwa, sehemu nyingine ni bei ambazo akina mama waliniambia wanauza. Nilitaka jedwali lote liende pepa ya jaribio na lote tena liende pepa ya mahojiano, maana pande zote mbili linahitajika. Prof akakataa. Akaniuliza, ukitoa bei hizi kwenye pepa ya jaribio, inasimama? Nikamwambia inasimama lakini haina uzito, mtu atauliza mchanga umepungua sawa, sasa nani analipia. Basi bei za wafanyabiashara ni za huko. Na bei walizosema akina mama je? Hizo hazithibitishi ubora wa dagaa, zinaeleza kwa nini mama anaona kichanja kinalipa au hakilipi, kwahiyo ni za mahojiano. Akachukua mkasi wa mama akalikata lile jedwali katikati. Mpaka leo nikiwa na jedwali linalotakiwa sehemu mbili, kwanza naangalia kama kweli ni jedwali moja, maana mara nyingi ni mawili yamelazwa kwenye safu zilezile.

Rundo la mahojiano ndo lilikua na kazi. Mimi nilikua nalo kama pepa tatu. Moja, nani ana kichanja na nani hana. Ya pili, kati ya wenye vichanja nani anavitumia kweli, maana wapo wanaovitumia mvua ikinyesha tu, jua likitoka wanarudi mchangani kwa kua kichanja kinakula nafasi na mzigo ukiwa mkubwa hautoshi. Ya tatu, akina mama wanaishije kipindi cha mbalamwezi, mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti dagaa vizuri na mitumbwi inakaa ufukweni, hela ya kula na ya kununulia mzigo ukirudi wanaipata wapi.

Prof akaweka ya kwanza na ya pili pembeni kwa pembeni akaniambia nisome, kwa sauti, sampuli ya moja na sampuli ya pili. Akina mama walewale. Dodoso lilelile, mialo ileile. Jedwali la umri na elimu na ukubwa wa kaya lilelile. Hata uchambuzi ulikua uleule, vipengele vilevile vya kueleza, kilichobadilika ni kitu kinachoelezwa tu, umiliki huku, matumizi kule. Halafu akaniuliza hitimisho la pepa ya pili ni nini, nikasema kwamba kua na kichanja hakutoshi. Akasema sasa hilo utalisemaje bila kurudia matokeo ya pepa ya kwanza? Nikakaa kimya kwa sababu nilijaribu kichwani na haikuwezekana, ilibidi nianze na nani anacho. "Mgebuka mmoja ukiukata vipande viwili haujawa migebuka miwili," akasema, na hapo nikaelewa kwamba umiliki na matumizi ni hatua mbili za uamuzi mmoja na zinasomeka vizuri zikiwa pepa moja.

Alichoniambia baada ya hapo ndo kilinikaa zaidi. Watu wengi wanadhani shida ya kukatakata utafiti ni adabu tu, kwamba mhariri atakasirika. Shida kubwa iko kwa yule atakayekuja miaka kumi baadae kukusanya tafiti zote za ukaushaji wa dagaa azijumlishe. Akikuta pepa yangu moja ina wanawake 160 wa Kigoma na nyingine ina wanawake 160 wa Kigoma na hakuna palipoandikwa kwamba ni haohao, atahesabu 320, na jibu langu litapewa uzito mara mbili ambao halistahili. Hiyo inaharibu maarifa ya watu wengine kabisa wasionijua.

Sasa ya mbalamwezi. Nayo ni akina mama walewale, kwahiyo nikadhani itamezwa pia, nikawa nimeshaanza kuikunja. Prof akaniambia hapana subiri. Swali ni jingine, linahusu mikopo na vikoba na kukopeshana mzigo, waandishi nitakaowasoma ni wengine kabisa, na nikiificha pepa ya vichanja yote, hii bado inajibu swali lake. Kutumia sampuli moja kwenye pepa mbili si kosa, kosa ni kuficha. Akaniwekea masharti. Pepa ya vichanja itangulie kwenda kwa mhariri kwa sababu ndo itabeba maelezo marefu ya jinsi tulivyochagua mialo na wahojiwa, ya mbalamwezi isubiri mpaka ile ikubaliwe ili iweze kutajwa. Ndani ya sehemu ya mbinu iandikwe wazi kwamba data zimetoka kwenye utafiti uleule. Na barua ya kuwasilisha iseme hivyohivyo, na pepa ya kwanza iambatishwe mhariri aione mwenyewe. Pepa ya jaribio, kwa kua data zake ni zake, haikua na haja ya kusubiri mtu.

Yaliyobaki kwenye mkeka yalikua mengi kuliko nilivyotegemea. Mapitio ya maandiko, kurasa karibu hamsini, hayakupata rundo lolote, yalikua ya kumuonyesha mtahini kwamba nimesoma, kwenye kila pepa yakawa aya tatu nne za utangulizi na niliziandika upya kwa sababu kila swali lina mjadala wake. Majedwali ya majaribio ya awali ya dodoso, ramani ya pili, jedwali la dini na kabila ambalo halikueleza kitu chochote, vyote vilibaki kwenye tasnifu. Roho iliniuma kwa ramani, niliichora mwenyewe.

Kuandika kwenyewe kulichukua miezi na sitaki kuieleza yote, ila sehemu ya mbinu nitaieleza kwa sababu hapo watu wanateseka bure. Pepa ya mbalamwezi ilipokua tayari niliifungua kwenye Word pamoja na ya vichanja, nikaenda Review halafu Compare, nione wapi zinafanana. Utangulizi ulikua safi, matokeo safi, mbinu ndo ilikua ileile aya baada ya aya. Mwenzangu ofisini akanishauri nibadilishe maneno, "tulichagua" iwe "tuliteua", sentensi zigeuzwe, ili asilimia ya kufanana ishuke. Sikufanya hivyo. Utaratibu ni mmoja, ukiueleza kwa maneno mengine msomaji makini atadhani ulifanya tofauti, na hapo umemdanganya ili tu kufurahisha mashine. Nilifupisha ikawa aya moja, mialo ipi, wahojiwa wangapi, lini, halafu nikasema maelezo kamili yako kwenye pepa ya vichanja na nikaitaja. Jedwali la umri na elimu sikulirudia, niliweka sentensi mbili tu.

Turnitin, ile programu inayokagua maandishi yanayofanana na ya kwingine, nayo ilitoa asilimia ya kutisha kwenye pepa ya jaribio. Nikafungua ripoti nikaangalia chanzo kimoja kimoja badala ya kuangalia ile namba ya juu, na karibu yote ilikua tasnifu yangu mwenyewe iliyowekwa kwenye tovuti ya maktaba ya chuo. Majarida mengi hayahesabu tasnifu kama chapisho lililotangulia, ila si yote, kwahiyo nilisoma maelekezo ya jarida lenyewe kabla ya kutuma, nikaandika kwenye barua kwamba pepa imetokana na tasnifu na ndani nikaitaja. Kama chanzo kingekua pepa yangu nyingine, na mistari iko kwenye matokeo, hapo ningeacha kila kitu nirudi kwenye mkeka.

Mhariri wa pepa ya mbalamwezi alijibu na swali moja juu ya hilo, aliomba ile sentensi ya data kutoka utafiti uleule ipande juu, iwe mwanzo wa sehemu ya mbinu badala ya mwisho wake. Rivyua mmoja akataka kuona jedwali la umri na elimu. Sentensi nikaihamisha, jedwali tukaliweka kwenye kiambatisho tukiandika chini yake limetoka pepa gani, na kwa kua ile ilitoka kwa leseni huria hatukuhitaji kuomba ruhusa ya mchapishaji. Ikapita.