Nyonga iliyoninyima usingizi

Miezi minne nilikuwa naamka saa nane za usiku, mfupa wa pembeni mwa nyonga ya kulia ukiwaka moto. Bukavu ni milima tu, nikadhani ni uchovu wa kupanda Kadutu na mizigo. Kila asubuhi nilivuta goti kuelekea bega la upande wa pili ili kunyoosha. Kumbe ndiyo nilikuwa najiumiza.

Kine mmoja, mtaalamu wa tiba ya viungo, aliniambia nisimame kwa mguu wa kulia peke yake. Kabla ya sekunde 30, maumivu yaleyale yakaja. Kinena hakikuuma, na viatu nilivaa bila shida, kwa hiyo hakushuku kiungo chenyewe. Kano za misuli ya tako, alisema, zinabanwa juu ya mfupa kila goti linapovuka kwenda upande wa pili.

Nikaacha kunyoosha, kukunja nne, na kusimama nimeegemea mguu mmoja. Usiku nililalia upande wa kushoto, mto mnene kati ya magoti hadi vifundo. Nikilala chali, nilifunga kitenge juu ya magoti na kukisukuma nje polepole sekunde 30, mara nne. Baada ya wiki mbili nikaongeza kuinua makalio, kisha kupanda ngazi moja taratibu, nyonga isishuke.

Kipimo changu kilikuwa usiku: ukiuma zaidi ya jana, napunguza. Wiki ya tatu nilizidisha, nikarudi nyuma siku nne. Wiki ya kumi nililalia kulia hadi asubuhi.