Ulimi Unaowaka na Miguu Inayoyumba Gizani: Uzoefu Wangu na Upungufu wa Vitamini B12

Kwa zaidi ya miaka kumi sijala nyama, samaki, mayai wala maziwa, jambo ambalo hapa Kigoma, mji wa dagaa na migebuka, humfanya mtu aulizwe maswali katika kila sherehe. Chakula changu ni ugali wa muhogo, maharage, mboga za majani, mawese, karanga na matunda. Nilistaafu ualimu nikiwa na afya njema, na sikuwa na sababu ya kudhani kwamba chakula hicho kinapungukiwa kitu, kwa kuwa tatizo lilijitokeza miaka mingi baada ya kukizoea.

Ulimi ndio uliotangulia. Ulianza kuwaka kila nilipokunywa chai ya moto au kuonja pilipili, na nilipoutazama kwenye kioo niliuona mwekundu na laini, kana kwamba vile vipele vidogo vya juu yake vimefutika. Nilipewa dawa ya kupaka ya fangasi, lakini haikusaidia, na sasa naelewa kwa nini: fangasi wa mdomoni kwa kawaida huacha utando mweupe, na mimi sikuwa nao. Miezi kadhaa baadaye vidole vya miguu vilianza kufa ganzi, kisha vya mikono, vyote kwa pande zote mbili sawasawa, vikichomachoma hasa usiku. Kufunga vifungo vya gauni na kuchambua mchele vikawa kazi ya kutafuta kwa macho, kwa sababu vidole havikuniambia tena vimeshika nini.

Lililonipeleka hospitali, hata hivyo, ni kutembea. Mchana nilitembea polepole lakini vizuri kiasi. Umeme ulipokatika, au nilipofumba macho ili kunawa uso, niliyumba hadi nishike ukuta. Watu wa nyumbani walisema ni uzee. Mimi sikukubaliana nao, kwani uzee haujui taa imewashwa au imezimwa.

Daktari aliyenipokea alikuwa kijana wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho. Baada ya kuniamkia alinitaka nisimame miguu ikiwa pamoja, kwanza macho yakiwa wazi, kisha yakiwa yamefumbwa, huku yeye amekaa tayari kunidaka, na ikabidi anidake kweli. Kisha akagonga chuma chenye matawi mawili, akakiweka kwenye kidole gumba cha mguu wangu kikiwa bado kinatetemeka. Sikuhisi mtetemo wowote. Akakipandisha hadi kwenye kifundo cha mguu, sikuhisi. Nikaanza kuuhisi karibu na goti. Alipokishika kidole hicho na kukisogeza juu na chini, nikiwa nimefumba macho, nilikuwa nabahatisha tu.

“Mama,” akaniambia, “nguvu ya miguu unayo. Kinachokosekana ni habari. Njia zilizo ndani ya uti wa mgongo, sehemu yake ya nyuma, zinazopeleka ubongoni taarifa za mguu uko wapi, zimeathirika, na macho yako ndiyo yanayofanya kazi yake. Ndiyo maana giza linakuangusha.”

Aliniuliza kuhusu kisukari, pombe, dawa za kifua kikuu na virusi vya ukimwi, kisha akataka kujua muhogo wetu tunauloweka kwa muda gani, kwa sababu sumu ya muhogo usioandaliwa vizuri nayo huweza kudhuru mishipa ya fahamu. Aliponiuliza ninachokula, akaacha kuandika na kuniangalia. Vitamini B12 hupatikana kwa asili katika vyakula vya wanyama tu. Mchicha, maharage na uyoga haviwezi kutegemewa kuileta. Ini huweka akiba ya miaka kadhaa, na ndiyo maana mtu anayeacha nyama na maziwa haoni kitu kwa muda mrefu. Kwa wazee kuna sababu ya pili: tumbo lao hupunguza asidi inayohitajika kuitoa vitamini hiyo kwenye chakula, hivyo hata mzee anayekula dagaa kila siku anaweza kupungukiwa. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli, na metformini ya kisukari, zikitumika kwa miaka, huongeza hatari hiyo.

Kipimo cha damu kingeweza kutupotosha. Kiwango changu cha damu kilikuwa 12.4, ambacho kwa mwanamke ni cha kawaida, na ukubwa wa chembe nyekundu ulikuwa 101, umepita kidogo tu mpaka wa kawaida ambao ni karibu 100. Daktari hakutulizwa na namba hizo, kwa kuwa alikwisha sikia kwamba nilikuwa nikimeza vidonge vya kuongeza damu vyenye asidi ya foliki. Asidi ya foliki hurekebisha damu hata B12 ikiwa imekwisha, lakini haikingi mishipa ya fahamu, ambayo huendelea kuharibika wakati kipimo cha damu kinapendeza. Akaagiza B12 yenyewe ipimwe, damu ikachukuliwa na kupelekwa Dar es Salaam, na sindano ya kwanza nikachomwa siku hiyohiyo baada ya damu kutolewa, bila kungoja majibu. Yalipokuja yalionyesha pikogramu 112 kwa mililita. Chini ya 200 huhesabiwa upungufu.

Nilichomwa hidroksokobalamini mikrogramu 1000 kwenye msuli, siku moja ndiyo, moja hapana, katika zahanati ya karibu na nyumbani, na mpango ulikuwa kuendelea hivyo mpaka nafuu iache kuongezeka, kisha sindano moja kila baada ya miezi miwili. Ulimi ulitulia ndani ya wiki chache. Mikono, kinyume chake, ilichomachoma zaidi mwanzoni. Nilikuwa nimeonywa kwamba hilo hutokea, vinginevyo ningeacha. Miguu ilichukua miezi. Katika muda huo nililala na tochi kando ya mto, nilinawa nikiwa nimekaa kwenye kigoda, niliacha kandambili nikavaa viatu vyenye mkanda wa nyuma, na kila asubuhi nilitembea kando ya ukuta kisigino kikigusa vidole vya mguu mwingine, macho wazi.

Baada ya karibu mwaka, mtetemo wa kile chuma nauhisi kwenye kifundo, lakini kwenye vidole gumba bado hakuna kitu. Daktari hatarajii mengi zaidi, kwa sababu nafuu kubwa huja katika miezi sita hadi kumi na miwili ya kwanza, na kilichokaa muda mrefu bila tiba huenda kisirudi. Fimbo nimeiacha mchana. Usiku bado naishika.

Chakula changu sikukibadilisha, na hakuna aliyenilazimisha. B12 ya kidonge haijafungwa ndani ya nyama, kwa hiyo haihitaji asidi ya tumbo, na kiasi kikubwa kama mikrogramu 1000 kwa siku huachia sehemu ndogo kupenya hata kwa mtu ambaye tumbo lake haliwezi kuisaidia kuingia. Tumekubaliana kwamba baadaye nitahamia kwenye vidonge hivyo, maisha yangu yote, tukipima damu kabla ya kuachana kabisa na sindano. Vile vidonge vya vitamini B mchanganyiko vinavyouzwa kila duka la dawa kwa watu wenye ganzi havikupendekezwa kwangu: vingi vina B12 kidogo, na vingine vina B6 nyingi, ambayo ikimezwa kwa muda mrefu huweza yenyewe kuleta ganzi. Nikinunua kikopo sasa nasoma kwanza mstari wa B12, kisha wa B6, na muuza duka ameshazoea kunisubiri.