Siku moja maishani mwangu: napanga zamu za kituo cha watoto

Saa 12:45 asubuhi. Nafungua mlango na kuweka daftari la mahudhurio mezani. Daftari hili ndilo ninalopangia zamu, kwa sababu linaonyesha saa ambayo mtoto aliingia na kutoka kweli, siyo ile iliyoandikwa kwenye fomu ya kujiunga. Leo lazima nimalize ratiba ya wiki ijayo.

Saa 1:00. Kituoni kwetu mlezi 1 huangalia wachanga 3, au watoto 5 wa miaka miwili, au watoto 8 wa miaka mitatu na kuendelea. Kwingine sheria ina namba nyingine, lakini hesabu ni ile ile. Sasa wapo wachanga 2, wa miaka miwili 3 na wakubwa 4. Tukiwatawanya katika vyumba vitatu tunahitaji walezi 3. Tukiwaweka chumba kimoja, najumlisha 2/3, 3/5 na 4/8, napata 1.77, kwa hiyo walezi 2 wanatosha. Mlezi wa tatu anasimama mlangoni kupokea watoto, na huyo simhesabu. Anayepokea begi, dawa na maelezo ya mzazi hana macho ya kuangalia chumba.

Saa 1:30. Wachanga ni 4, wa miaka miwili 5, wakubwa 6. Hesabu ya pamoja inafika 3.08, yaani walezi 4, na vyumba vikitengana bado ni 4. Kuchanganya hakuna faida tena, hivyo kila kundi linakwenda chumbani kwake. Kwenye ratiba mpya, walezi wanaofuata wanaingia saa 1:15, kabla idadi haijapanda.

Saa 3:15. Watoto wote wamefika: wachanga 9, wa miaka miwili 10, wakubwa 16. Walezi wa vyumbani ni 7 na hakuna wa ziada. Hapa ndipo ratiba nyingi huharibika. Ukiitazama juu juu unaona 7 na 7, unaridhika, halafu mlezi mmoja wa wachanga anakwenda kunywa chai. Wawili wanaobaki wanaruhusiwa watoto 6, na chumbani wapo 9. Kumwazima mlezi wa chumba cha pili ni kuhamisha pengo tu.

Kwa hiyo ninaye mlezi wa nane, wa kupokezana, ambaye hana chumba. Kazi yake ni mapumziko ya wenzake. Anaingia sasa hivi, anapita kwa wachanga kwanza ili wazoee uso wake kabla hajabaki nao.

Mapumziko ni dakika 30, lakini kwenye karatasi naandika 35. Zile 5 ni za makabidhiano: nani hajala, nani amepewa dawa, nepi ya nani imekaribia. Usipoziandika, kila mtu anachelewa kidogo na wa mwisho anakosa mapumziko yake. Watu 7 mara dakika 35 ni dakika 245, zaidi ya saa nne za mtu mmoja.

Saa 3:30. Tunaanza na walioingia saa 1:00. Zamu za mapumziko ni 3:30, 4:05 na 4:40, zinakwisha 5:15.

Saa 5:30. Chakula. Hapatoki mtu mpaka 6:10, maana kubadilishana walezi huku wachanga wanalishwa ni hatari.

Saa 6:10. Wanne waliobaki wanafuatana, wa mwisho anarudi saa 8:30. Watoto wengi wamelala, na kila mwezi kuna anayeniuliza, "Dada, si wamelala? Tutoke wawili." Nakataa. Kwetu uwiano haulegei usingizini: kifua cha mchanga lazima kitazamwe, na moto ukiwaka watoto 9 hawabebwi na mtu mmoja. Saa 8:30 mlezi wa kupokezana anapumzika naye, na hahitaji wa kumshikia, kwa kuwa hakuwa kwenye hesabu.

Saa 9:00. Nakaa na daftari. Kwa kila robo saa ya jioni naandika idadi kubwa zaidi iliyowahi kubaki katika wiki mbili zilizopita. Wastani haunisaidii, kwani siku zote zinazouzidi tungekuwa pungufu.

Saa 11:15 jioni. Chumba cha miaka miwili kina watoto 6 na walezi 2, na zamu ya mmoja inaisha sasa. Mama wa mtoto aliyeng'atwa amefika, anataka maelezo, na ni haki yake. Mlezi akimfuata mlangoni, mwenzake anabaki na 6. Ndiyo maana mlangoni nipo mimi, nikiwa na daftari la matukio lililojazwa mapema, namweleza mzazi kila kitu. Na kwenye ratiba, pembeni ya "11:15", nimeandika: anaondoka watoto wakibaki 5. Mtoto wa sita anasainiwa saa 11:22. Mlezi anachukua mkoba wake, nami naziandika dakika zake 7 ili alipwe.