Oksijeni "haikunisaidia" kwa kukosa maski sahihi

Kwa karibu miaka minne nilikuwa nawaambia watu kwamba oksijeni haisaidii kichwa cha klasta, yale maumivu makali ya upande mmoja wa kichwa, kuzunguka jicho, yanayokuja kwa misimu. Nilikuwa nimeijaribu mara moja tu. Nilifika kwenye chumba cha dharura usiku, jicho la kulia limevimba linachuruzika machozi, tundu la pua la upande huohuo limeziba, na sikuweza kukaa. Muuguzi akasema, "Pole kaka, lala hapa upumzike." Sikulala. Mwenye kipandauso hutafuta giza na utulivu, lakini mtu wa klasta anazunguka chumba, anayumbayumba kwenye kiti, wengine hata kichwa wanakibamiza ukutani. Nikawekewa vile vimrija viwili vya puani, lita nne kwa dakika. Baada ya saa nzima maumivu yakaisha, lakini hiyo ilikuwa saa yake ya kuisha. Shambulio huchukua kati ya dakika 15 na saa tatu hata usipolitibu, na langu la kawaida ni dakika 70 hivi.

Msimu uliofuata, daktari wa mishipa ya fahamu aliniuliza swali moja tu: "Ulipewa lita ngapi, na kwa kifaa gani?" Nilipomjibu akatikisa kichwa. Vimrija vya puani vinachanganya oksijeni na hewa ya chumba, kwa hiyo ninachovuta kinakuwa mbali sana na oksijeni tupu. Klasta inataka oksijeni asilimia 100, lita 12 hadi 15 kwa dakika, kwa maski yenye mfuko, dakika 15 hadi 20 bila kuivua. Chini ya hapo mara nyingi haitoshi. Hata ile mashine ya umeme inayochuja oksijeni kutoka hewani, nyingi hazifiki mkondo huo. Nilihitaji mtungi, na regyuleta, kile kifaa cha kurekebisha mkondo wa gesi, inayofika 15. Nyingi huishia chini ya hapo, kwa hiyo soma namba kabla ya kubeba.

Maski yenyewe nilijifunza kuitumia kwa makosa. Mfuko uliopo chini yake lazima ujae kabla hujaivaa. Fungua gesi, ziba kwa kidole tundu la ndani linalotoka mfukoni, subiri mfuko utune, ndipo uibandike usoni. Ukivuta pumzi mfuko unapaswa kunywea kidogo kisha ujae tena. Ukisinyaa kabisa na kugandana, mkondo ni mdogo kuliko pumzi yako, ongeza. Usiponywea hata kidogo, unavuta hewa ya pembeni. Maski yangu ilikuwa na matundu ubavuni, na moja halikuwa na kile kiraka cha mpira kinachojifunga ukivuta pumzi. Nikawa naliziba kwa kidole. Plasta sikupenda kuiweka, maana mtungi ukiisha ghafla nataka hewa ipite. Ninakaa nimeinama mbele, viwiko magotini, napumua kwa kina bila kukimbiza.

Usiku wa kwanza niliofanya hivyo, maumivu yaliniamsha saa nane na dakika kumi, kama kawaida yake. Klasta ina saa yake, hata mke wangu aliijua. Nilivaa maski dakika ya tatu. Mpaka dakika ya saba sikuona tofauti, nikaanza kulaani moyoni. Dakika ya kumi pua ikafunguka. Dakika ya kumi na tatu yale maumivu ya msumari nyuma ya jicho yakawa kama kidole kinachobonyeza, kisha yakatoweka. Niliendelea dakika tano zaidi, kwa sababu nikivua mapema yanarudi. Nilibaki nimekaa kitandani nikisikiliza mtungi ukipuliza, nikashindwa kuamini.

Hesabu ya mtungi nayo ni muhimu. Mtungi wangu una ujazo wa lita 10, ukijaa geji inasoma shinikizo la baa 150. Zidisha namba hizo mbili, upate takriban lita 1,500 za gesi. Kwa lita 15 kwa dakika ni dakika 100, yaani mashambulio matano ya dakika 20. Geji ikishuka hadi baa 50 nimebakiwa na nusu saa tu, na hapo ndipo naagiza mwingine. Niliwahi kusubiri hadi baa 20, mtungi ukaisha katikati ya shambulio la alfajiri. Jambo jingine: oksijeni hulisha moto. Sigara, mshumaa na jiko havikai chumba kimoja nayo, na mafuta ya kujipaka hayaguswi usoni wala kwenye regyuleta. Mwenye ugonjwa sugu wa mapafu asiianze bila daktari.

Mtungi haubebeki kwenye basi, kwa hiyo nikitoka nyumbani nabeba sindano za sumatriptani, miligramu 6, za kujidunga chini ya ngozi ya paja. Vidonge vyake nilikwishavijaribu, vinafika kazini shambulio likikaribia kuisha lenyewe. Sindano kwangu inaanza kufanya kazi ndani ya dakika kumi. Kifua kinabana kidogo, shingo inapata joto, halafu inapita. Kabla ya kuniandikia, daktari alinipima shinikizo la damu na kuniuliza kwa kina kuhusu moyo, kwa sababu dawa hii hukaza mishipa. Aliyewahi kupata shambulio la moyo au kiharusi, au mwenye shinikizo lisilodhibitiwa, haipati. Mwisho ni sindano mbili ndani ya saa 24, zikipishana angalau saa moja, na kama ya kwanza haikusaidia shambulio lile, ya pili haidungwi kwa shambulio hilohilo. Nahesabu kwa saa, si kwa tarehe. Niliyojidunga saa nne usiku bado inahesabika mchana wa kesho. Mimi huwa napata mashambulio matatu kwa siku, kwa hiyo sindano peke yake isingenitosha. Oksijeni haina kikomo hicho, ndiyo maana ya nyumbani ni oksijeni.

Lakini kuzima moto kila usiku si maisha. Msimu wangu huchukua wiki kumi hivi, na sasa naanza kinga siku ileile ninapohisi dalili zake za kwanza. Daktari alinianzishia dawa mbili kwa pamoja. Prednisoloni, ambayo ni steroidi, miligramu 100 kila asubuhi kwa siku tano, kisha kupunguza 20 kila baada ya siku tatu, ni daraja tu la kunivusha. Dawa ya kukaa nayo ni verapamili, dawa ya moyo na shinikizo la damu, miligramu 80 mara tatu kwa siku, ambayo huchelewa kushika. Kila wiki mbili tuliongeza 80 kwenye jumla ya siku, na kabla ya kila nyongeza nilipimwa umeme wa moyo, kwani inaweza kuchelewesha mapigo bila wewe kuhisi chochote.

Prednisoloni ilipofika 40 mashambulio yalirudi, moja kwa usiku. Hapo ndipo wengi hutaka kuipandisha tena, nami niliomba. Daktari alikataa, akasema steroidi si ya kukaa nayo msimu mzima, tupandishe verapamili. Kwa 320 kwa siku yalipungua, kwa 400 yalikoma. Kipimo cha moyo kilionyesha ucheleweshaji mdogo, tukaishia hapo. Kufunga choo kulikuwa kwingi kuliko alivyonionya. Pombe niliacha kabisa kwa muda huo, kwani ndani ya msimu glasi moja hunipa shambulio kabla ya saa kwisha, na nje ya msimu hainifanyi kitu.

Baada ya wiki mbili bila shambulio hata moja tulianza kushusha, 80 kwa 80. Sasa situmii kidonge chochote. Mtungi umesimama nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, geji inasoma baa 140.