Nilivyoisoma lebo ya paneli ya sola na kugundua wati 250 hazikuwepo

Jirani yangu alikuwa ameshaambiwa anunue betri mpya. Betri yake haikuwa ikijaa hata jua likiwaka siku nzima, na fundi aliyemfungia alitoa hukumu haraka: paneli ni wati 250, paneli ni kubwa, kwa hiyo ubovu uko kwenye betri. Alipima paneli mbele yake, multimita ikaonyesha karibu volti 20, akasema, "Unaona? Paneli nzima kabisa hii." Ushauri wa namna hiyo unaniudhi, kwa sababu umewatoa watu wengi pesa kwa kununua betri wasiyoihitaji. Nilimwomba jirani asinunue chochote mpaka niisome lebo ya nyuma ya paneli.

Lebo yenyewe ilikuwa safi, imebandikwa vizuri. Iliandikwa hivi:

```
Pmax  250 W
Vmp   18.0 V
Imp   13.89 A
Voc   21.6 V
Isc   14.8 A
STC: 1000 W/m², 25 °C, AM 1.5
```

Pmax ni wati ambazo paneli inatakiwa kutoa ikifanya kazi vizuri kabisa. Voc ni volti za paneli ikiwa haijaunganishwa na kitu, na Isc ni ampea zinazopita pale waya wa chanya na wa hasi wa paneli vikikutanishwa moja kwa moja. Fikiria bomba la maji: Voc ni presha bomba likiwa limefungwa, Isc ni maji yanayotoka likiwa wazi kabisa. Katika hali zote mbili hakuna kazi inayofanyika. Ndiyo maana wati hazipatikani kwa kuzidisha Voc na Isc, ingawa kuna muuzaji aliyemfanyia jirani yangu hesabu hiyo hiyo kwenye kikokotoo, 21.6 mara 14.8, akamwambia kwamba kwa kweli anapata karibu wati 320 kwa bei ya 250. Hesabu sahihi ni Vmp mara Imp, ambazo ni volti na ampea za paneli inapotoa wati zake nyingi kabisa, yaani 18 mara 13.89, na hiyo inatoa 250. Kwa hiyo lebo ilikuwa inakubaliana na yenyewe. Lakini hiyo inathibitisha tu kwamba aliyeiandika anajua kuzidisha.

Nikageuza paneli na kuhesabu seli. Zilikuwa safu 4, kila safu seli 9, jumla 36. Kila seli ya silikoni ikiwa haijaunganishwa na mzigo hutoa takriban volti 0.6, na seli hizi zimefungwa kwa sirizi, kwa hiyo volti zinajumlishwa: 36 mara 0.6 ni 21.6. Voc ya lebo ni ya kweli! Ile volti 20 ya fundi nayo haikuwa na kasoro. Paneli iliyokaa juani hupata joto sana, na kwa silikoni Voc hushuka kama asilimia 0.3 kwa kila digrii inayozidi 25. Seli zikifika digrii 55, volti 21.6 zinakuwa kama 19.7.

Hapo ndipo tatizo la kipimo cha fundi lilipo. Volti zinategemea idadi ya seli, na hazijali sana ukubwa wa seli wala ukali wa jua. Chukua paneli ndogo ya wati 20 yenye seli 36, nayo itakuonyesha volti hizo hizo 20 na ushee. Hata chini ya wingu jembamba zitabaki karibu pale pale. Anayetaka kudanganya kwenye lebo hana haja ya kugusa Voc, kwa sababu mnunuzi mwenye multimita ataigundua papo hapo. Uongo unawekwa kwenye Isc na Pmax, ambazo karibu hakuna anayezipima.

Nikachukua futi. Seli moja ilikuwa sentimita 15.6 kwa 12.5, yaani sentimita za mraba 195. Seli zikiwa kwa sirizi, mkondo mmoja unapita katika zote, kwa hiyo Isc ya paneli nzima ndiyo Isc ya seli moja. (Angalia paneli mpya zenye seli zilizokatwa nusu: mara nyingi zimefungwa katika makundi mawili yaliyo sambamba, na hapo ampea za makundi mawili zinajumlishwa, huku volti zikitokana na seli za kundi moja tu.) Seli nzima ya 15.6 kwa 15.6, iliyo kubwa kuliko hizi, hutoa karibu ampea 9 kwenye jua kali. Lebo ilitaka niamini kwamba seli ndogo kuliko hiyo inatoa 14.8. Silikoni haina uwezo huo, hata ikitengenezwa na nani.

Eneo la paneli likasema vivyo hivyo. Ilikuwa mita 1.20 kwa 0.67, yaani mita za mraba 0.80. Kwa kipimo cha STC, ile hali ya maabara iliyoandikwa mwisho wa lebo, jua linaleta wati 1000 kwa kila mita ya mraba, hivyo paneli hii inapokea kama wati 800. Kutoa 250 kati ya 800 ni zaidi ya asilimia 31. Paneli nzuri za madukani ziko kwenye asilimia 20 hadi 24, na hizi za seli za buluu zenye chembechembe huwa chini zaidi. Kwa hiyo kabla sijawasha kipimo chochote nilishajua wati 250 hazimo. Nilichotaka sasa ni kujua zimo ngapi, maana jirani alihitaji namba ya kumwonyesha aliyemuuzia.

Siku ya kwanza mawingu yalinisumbua. Ampea zilikuwa 3, mara 5, mara zikaruka juu kuliko nilivyotarajia, kwa sababu ukingo wa wingu jeupe unaweza kuakisi jua na kuongeza mwanga juu ya ule wa kawaida. Isc inafuata mwanga moja kwa moja: mwanga ukipungua nusu, ampea zinapungua nusu. Kipimo cha namna hiyo hakimshawishi mtu yeyote. Nilihitaji kujua jua la dakika ile ni kiasi gani, na kifaa cha kupima mwanga sina.

Nikapata njia ambayo naipenda sana. Nina paneli yangu ya wati 100 ambayo vipimo vyake navijua na lebo yake ni ya kweli, Isc 6.1. Hiyo ikawa kipimo changu cha jua. Siku yenye anga safi, karibu na saa sita mchana, nilizilaza paneli mbili bega kwa bega kwenye mwinamo mmoja. Kupata mwinamo, nilisimamisha penseli wima juu ya kioo na kuinua paneli pole pole mpaka kivuli cha penseli kikapotea chini yake. Kivuli kikipotea, jua linaipiga paneli moja kwa moja. Nikafuta vumbi kwenye vioo vyote viwili.

Kupima Isc kunatisha watu kwa sababu ni kupiga shoti, lakini paneli yenyewe haiungui kwa kufanyiwa hivyo muda mfupi. Inatoa ampea zake za Isc na kuishia hapo. Betri ndiyo ya kuogopa, kwa hiyo paneli lazima iwe imechomolewa kabisa kwenye kontrola ya kuchajia betri. Sikutumia multimita, kwa sababu tundu lake la ampea mwisho wake ni 10 na lebo ilidai 14.8, hata kama nilishajua lebo ni ya uongo, fyuzi ya mita siiwekei dau. Nilitumia klemu mita inayosoma DC. Ukinunua hakikisha hilo, kwa kuwa klemu mita nyingi za bei ya chini zinasoma ampea za AC tu, na kwenye sola zitakuonyesha sifuri.

Niliifunika paneli kwa blanketi nzito, nikachomeka plagi yake ya MC4 ya chanya kwenye ya hasi, nikaukumbatisha waya kwa klemu, kisha nikafunua. Kusoma ni sekunde chache. Nikafunika tena ndipo nikachomoa. Ukichomoa huku jua likiwaka, cheche inaruka na kuchoma ncha za plagi, na ukipima paneli nyingi zilizo kwenye sirizi cheche hiyo inaweza kukuunguza mwili.

Paneli yangu ilisoma 5.6. Ya jirani ikasoma 6.4. Nikarudia yangu mara moja, 5.6 tena, kwa hiyo jua halikubadilika katikati. Gawanya 5.6 kwa 6.1 unapata 0.92: jua la dakika ile lilikuwa asilimia 92 ya jua la STC. Kisha gawanya 6.4 kwa 0.92, na Isc ya kweli ya paneli ya jirani ni karibu ampea 7. Lebo inasema 14.8. Hizo 7 ni asilimia 47 tu, na kwa kuwa volti ni sahihi, wati nazo zinashuka kwa uwiano huo huo: kama 118. Nikalinganisha na eneo, 118 kati ya 800 ni kama asilimia 15, ufanisi unaokubalika kabisa kwa paneli ya aina ile. Njia mbili tofauti zimekutana, nami nikaridhika.

"Kwa hiyo betri yangu haina kosa?" jirani akauliza.

"Haina, ndugu yangu. Inalishwa nusu."

Alimpelekea muuzaji picha za lebo, ya futi juu ya seli, na za klemu mita kwenye paneli zote mbili zikiwa zimelazwa pamoja. Muuzaji alibishana kuhusu klemu mita, lakini kwenye futi hakuwa na la kusema, akarudisha sehemu ya pesa. Nakushauri upige picha ya futi hata kama huna kipimo kingine.

Paneli haikutupwa, maana wati 118 za kweli ni wati. Jirani alinunua nyingine ya wati 100, safari hii akiwa na futi mkononi, yenye Isc 6.1 kama yangu na Vmp ya volti 18 kama ya kwanza ili zifungwe sambamba bila moja kuivuta nyingine. Kwa sambamba ampea zinajumlishwa: 7 na 6.1 ni 13.1. Nikazidisha kwa 1.25 kwa ajili ya zile dakika za ukingo wa wingu, ikawa 16.4, na kontrola yake ni ya ampea 20, kwa hiyo hatukubadilisha kitu. Lebo ya zamani nikaikwangua, na kwa kalamu ya wino usiofutika nikaandika nyuma ya paneli: Voc 21.6, Isc 7.0, Pmax 118.